Wiki ya kwanza ya 2026 inaanza Desemba 2025? Nisaidieni kabla lori halijapangwa

KaraniWaAsali

Wakuu, mwangaluka.

Niko Tabora mjini, nashika makaratasi ya kikundi cha wafugaji nyuki. Asali inatoka Sikonge, tunaichuja hapa, tunaijaza kwenye mapipa, inakwenda Dar kwa lori na kule inaingizwa kwenye kontena. Mteja wetu yuko Ujerumani. Juzi katuma oda, na pale penye muda wa kupakia kaandika hivi tu: KW 1/2026.

KW najua ni wiki ya kalenda kwa Kijerumani. Oda zilizopita alikuwa anaandika KW 23 au KW 38 na tarehe pembeni, kwa hiyo sikuwahi kuumiza kichwa. Safari hii tarehe hakuna.

Mwenyekiti anasema wiki ya kwanza ni Jumatatu tarehe 5 Januari, watu wakisharudi kazini. Mimi nikaingia kwenye Excel, nikaweka 29/12/2025, nikaiuliza kwa WEEKNUM ni wiki ya ngapi. Ikanijibu 53. Nikafungua kalenda ya simu, nikawasha namba za wiki, yenyewe ikasema 29 Desemba hiyohiyo ni wiki ya 1. Sasa nina majibu matatu na lori moja.

Kama simu ndiyo iko sahihi, basi mzigo uondoke Tabora mara tu baada ya Krismasi, na dereva wetu Krismasi huwa yuko kwao Urambo na simu anazima. Naombeni msaada kabla sijamjibu mteja. Nawasilisha.

Mwandiga27

Mpe mteja asali, wiki atahesabu mwenyewe akishalamba.

MsafiriWaLiemba

Hii mbona nyepesi. Wiki ya kwanza ni ile yenye tarehe 1 Januari ndani yake. Mwaka 2026 tarehe 1 Januari ni Alhamisi. Rudi nyuma hadi Jumatatu yake, unapata 29 Desemba 2025. Simu iko sahihi, Excel imechanganyikiwa, mwenyekiti kapiga ramli. Uzi ufungwe.

MwalimuKasulu

Samahani, nadhani mnamchanganya kijana. Wiki ya kwanza ni ile shule zinapofunguliwa. Kwenye azimio la kazi tunaandika mwezi Januari, wiki ya 1, ya 2, ya 3, halafu Februari tunaanza upya. Hakuna mahali nimewahi kuandika wiki ya 53, ningeitwa ofisini nijieleze. Huyo mteja amwandikie mwezi na wiki yake kama watu wengine.

KaraniWaAsali

Mwalimu, nakuelewa, ila mteja ndiye mwenye fedha. Siwezi kumtumia azimio la kazi.

@MsafiriWaLiemba asante sana, nakwenda kumwambia mwenyekiti.

MzeeWaReli

Usiende kwanza.

MsafiriWaLiemba kapata jibu sahihi kwa njia ambayo mwakani itamwangusha. Chukua tarehe 1 Januari 2027. Ni Ijumaa. Kwa kanuni yake, wiki ya kwanza ya 2027 ingeanza Jumatatu tarehe 28 Desemba 2026. Mjerumani atakwambia hapana, hiyo ni KW 53 ya 2026, na KW 1 ya 2027 inaanza tarehe 4 Januari. Hapo mkiwa mmeshapeleka mapipa Dar mtalipia ghala wiki nzima bure.

MsafiriWaLiemba

Shikamoo mzee. Sasa 1 Januari 2027 iwe ndani ya mwaka 2026? Hiyo hesabu kaifanya nani, mlevi?

MzeeWaReli

Marahaba. Kaifanya mtu aliyekataa kuikata wiki vipande viwili.

Nilikaa miaka mingi ofisi za reli, kati ya Tabora na Kigoma, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kufuatilia vipuri kutoka ng'ambo. Karatasi zao zilikuja na namba za wiki, nami niliumia kabla sijajifunza. Nitakueleza nilivyoelewa mimi.

Wiki kwao ni kitu kizima chenye siku saba, inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, haigawanywi. Mwaka wenyewe hauishi Jumapili kila mara. Unaweza ukaisha Jumatano, kama huu wa 2025. Basi ile wiki ya mwisho inabaki mguu mmoja Desemba na mwingine Januari, na lazima uamue ni mali ya mwaka upi. Waliamua hivi: mwaka wenye siku nyingi ndani ya wiki hiyo ndio unaichukua yote.

Siku saba hazigawanyiki sawa, kwa hiyo hakuna sare. Mmoja atapata nne au zaidi. Ukianza kuhesabu Jumatatu, siku ya nne, ya katikati kabisa, ni Alhamisi. Mwaka ulioishika Alhamisi umeshika siku nne au zaidi, hauwezi kuwa na chache. Ndiyo maana ukiwauliza watakujibu kwa mkato kwamba wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Ni kitu kilekile.

Sasa pima mwenyewe. Jumatatu 29 Desemba 2025 hadi Jumapili 4 Januari 2026: Desemba ina siku tatu, yaani 29, 30 na 31. Januari ina nne. Wiki yote inakwenda 2026, na zile siku tatu za Desemba zinafuatana nayo. Kisha pima mwaka unaofuata. Jumatatu 28 Desemba 2026 hadi Jumapili 3 Januari 2027: Desemba ina nne, Januari tatu. Wiki yote inabaki 2026.

Mpaka wake hapo unauona. Wiki ya kwanza haiwezi kuanza mapema kuliko 29 Desemba, na haiwezi kuchelewa kuliko 4 Januari. Tarehe 4 Januari yenyewe haijawahi kuwa nje ya wiki ya kwanza. Mimi nikitaka kukagua haraka natafuta tarehe 4, nashuka hadi Jumatatu yake, basi.

Mambo haya yako kwenye kanuni ya kimataifa, ISO 8601, ya mwaka 1988, ingawa hesabu ya wiki ni ya zamani zaidi, imo kwenye mapendekezo yao ya 1971. Kwa hiyo mteja wako hajajitungia.

Kapteni_Kibirizi

Mzee, mimi nina swali la pembeni. Alhamisi ni siku ya nne? Neno lenyewe ni tano kwa Kiarabu. Na Jumatano ni tano ya kwetu. Ina maana Waswahili tuna tano mbili zimefuatana na Wazungu wameifanya ya pili kuwa nne.

MzeeWaReli

Ndiyo, na zote mbili ziko sawa. Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi, na ndiyo maana ile inaitwa mosi. Alhamisi ni ya tano ukianzia Jumapili. Hawa nao wameanzia Jumatatu, ikawa ya nne. Siku hazijahama, kilichohama ni mlango wa kuingilia.

Usicheke, kwa sababu hata Excel ya kijana ina mlango wake wa kuingilia. Kalenda nyingi za ukutani hapa kwetu zinaanza safu ya kwanza na Jumapili.

Fundi_Ipuli

Ngoja niongeze hapo kwenye Excel, ndiyo kazi yangu.

WEEKNUM ukiiacha hivyohivyo inaanza wiki Jumapili, na wiki ya 1 ni popote ilipo 1 Januari, hata kama ni kipande cha siku moja. Kila 1 Januari inarudi kwenye 1. Matokeo yake inaikata wiki. Kwake, Jumapili 28 hadi Jumatano 31 Desemba 2025 ni wiki ya 53, halafu Alhamisi 1 hadi Jumamosi 3 Januari 2026 ni wiki ya 1, yenye siku tatu tu. Ndiyo maana imekupa 53. Haijaharibika, inajibu swali tofauti na la mteja.

Inayojibu swali la mteja ni hii:

```
=ISOWEEKNUM(A2)
```

Ipo kuanzia Excel 2013, na LibreOffice ya siku hizi wanayo. Weka 29/12/2025, utapata 1.

KaraniWaAsali

Imetoa 1. Asante mkuu. Nimemwandikia mteja nimuulize kama anamaanisha 29 Desemba hadi 4 Januari. Nasubiri.

Mwenyekiti nimemweleza habari ya Alhamisi. Kaniangalia, kasema, "Kijana, Desemba ni Desemba."

MwalimuKasulu

Mwenyekiti wenu ana akili.

Kapteni_Kibirizi

Kwa hiyo mzee, sikukuu zinakuwaje? Maana sikukuu zina tarehe, na tarehe inahamahama siku. Krismasi ni wiki ya 52 siku zote?

MzeeWaReli

Hapana. Krismasi inacheza kati ya 51 na 52. Mwaka huu ni Alhamisi, wiki ya 52. Mwaka 2026 itakuwa Ijumaa, bado 52, japo mwaka huo una wiki 53. Mwaka 2027 itaangukia Jumamosi, na hapo itarudi 51. Kwenye 53 haifiki kabisa, kwa sababu wiki ya 53 ikiwepo huanza tarehe 27 au 28 Desemba, Krismasi imeshapita.

Uhuru, 9 Desemba, nayo ni hivyohivyo. Mwaka huu na 2026 iko wiki ya 50, mwaka 2027 inashuka 49. Watu wakiona namba imeshuka wanadhani sikukuu imesogezwa. Sikukuu iko palepale, ila mwaka 2026 ulikula wiki moja ya ziada, na wiki za 2027 zikachelewa kuanza.

Nane Nane, kwa wale wa mabanda ya maonyesho: 2026 ni wiki ya 32, 2027 ni wiki ya 31. Aliyepanga kupeleka mazao "wiki ya 32 kama mwaka jana" atakuta mabanda yanang'olewa.

Pasaka ndiyo yenye vituko zaidi. Jumapili ndiyo siku ya mwisho ya wiki kwao, kwa hiyo Pasaka yenyewe hufunga wiki moja na Jumatatu ya Pasaka hufungua nyingine. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili. Ijumaa Kuu na Pasaka ziko wiki ya 14, Jumatatu ya Pasaka iko wiki ya 15, na kesho yake Jumanne tarehe 7 ni Karume. Mtu akikwambia "tutafunga wiki ya Pasaka", muulize ipi.

Ila moja inanifurahisha. Muungano, 26 Aprili. Nimekaa nayo na kalamu, naona iko wiki ya 17 kila mwaka ninaoujaribu. 2024 Ijumaa, wiki ya 17. 2025 Jumamosi, 17. 2026 Jumapili, 17. 2027 Jumatatu, na bado 17! Inapita siku zote saba bila kutoka kwenye chumba chake.

Fundi_Ipuli

Haiwezekani iwe kila mwaka. Ngoja.

```python
from datetime import date
for y in range(1965, 2061):
    if date(y, 4, 26).isocalendar()[1] != 17:
        print(y)
```

Imetoa minne tu: 1976, 2004, 2032, 2060.

MzeeWaReli

Basi nimekosea kwa minne. Nipe muda nione sababu.

MsafiriWaLiemba

Zimepishana miaka 28 kamili. Yote ni miaka mirefu.

MzeeWaReli

Nimeipata, nawe MsafiriWaLiemba umeshika nusu yake.

Anza na mwaka wa kawaida. 26 Aprili ni siku ya 116 ya mwaka. Tarehe 4 Januari ni siku ya 4. Kati yake kuna siku 112, yaani wiki 16 kamili bila kubaki hata siku moja. Kwa hiyo 26 Aprili ni siku ileile ya wiki na 4 Januari, na iko wiki 16 mbele yake. Tarehe 4 haitoki wiki ya kwanza, basi Muungano hautoki wiki ya 17. Nilidhani ni bahati, kumbe umefungwa kamba na tarehe 4.

Mwaka mrefu unaongeza 29 Februari katikati, kamba inarefuka siku moja. Muungano unasogea siku moja mbele, lakini mara nyingi bado unabaki wiki ileile. Unatoka tu pale ambapo tarehe 4 Januari ni Jumapili, yaani imekaa ukingoni kabisa mwa wiki ya kwanza. Hapo siku moja ya ziada inaudondosha Jumatatu, wiki ya 18. Tarehe 4 kuwa Jumapili maana yake 1 Januari ni Alhamisi. Kwa hiyo unahitaji mwaka mrefu ulioanza Alhamisi, na huo, kwa kalenda tunayoishi nayo sasa, unarudi kila baada ya miaka 28.

Siyo kila mwaka mrefu, MsafiriWaLiemba. 2024 ulikuwa mrefu na Muungano haukutoka.

Kapteni_Kibirizi

Na ile siku yenyewe ya 1964?

Fundi_Ipuli

Jumapili, wiki ya 17. Mwaka mrefu ulioanza Jumatano. Ilibaki siku moja idondoke.

BintiUjiji

Salamu jamani, nimefuata uzi kimyakimya. Mimi ni mhasibu msaidizi huku Kigoma, tunalipa walinzi na wapakizi kwa wiki, kila Ijumaa. Bajeti ya mwaka bosi anachukua malipo ya wiki anazidisha kwa 52. Nimesoma hapa kwamba 2026 una wiki 53. Ina maana tumepungukiwa malipo ya wiki moja nzima? Maana bajeti imeshapita.

MsafiriWaLiemba

Ndiyo dada, 53. Kamwambie bosi mapema, wapakizi wa bandarini hawana utani.

MzeeWaReli

Polepole. Binti, hesabu Ijumaa zenyewe. Mwaka 2026 unaanza Alhamisi na kuisha Alhamisi. Alhamisi zitakuwa 53. Ijumaa zitakuwa 52 tu, kuanzia 2 Januari hadi 25 Desemba. Ijumaa ya wiki ya 53 ni tarehe 1 Januari 2027.

Sasa kazi kwenu. Kama vitabu vyenu vinafuata tarehe, Januari hadi Desemba, bajeti ya 52 inatosha. Kama vinafuata namba za wiki, malipo ni 53 na la mwisho linaangukia mwaka mpya.

BintiUjiji

Na hiyo Ijumaa ya 25 Desemba ni Krismasi. Hatulipi Krismasi, tunatanguliza Alhamisi. Na 1 Januari nayo sikukuu, tunatanguliza Alhamisi tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo fedha ya wiki ya 53 inatoka ndani ya 2026 hata kwa tarehe!

MzeeWaReli

Eeh. Hapo umenishinda, sikuifikiria.

MsafiriWaLiemba

Narudia: 53.

BintiUjiji

Ila subiri. Ijumaa ya 2 Januari 2026 tunalipa kazi ya wiki inayoanza 29 Desemba. Siku tatu za hapo ni za 2025. Bosi anaweza kusema hizo zibebwe na bajeti ya mwaka huu. Nitampelekea nione, yeye ndiye atasema.

KaraniWaAsali

Wakuu nimerudi, na nina habari mbili.

Ya kwanza, mteja kajibu. Kaandika 29.12.–04.01., kama Mzee alivyosema. Nikamweleza ukweli kwamba dereva na mafundi wa kupakia hatutawapata, nikaomba KW 2, yaani 5 hadi 11 Januari. Kakubali, ila kasema Jumanne tarehe 6 ofisi yao inafungwa, wako Bavaria na kule ni sikukuu, kwa hiyo nyaraka nikizituma siku hiyo hazisomwi. Nami nikaona tusivuke Ijumaa tarehe 9, kwa sababu Jumatatu tarehe 12 ni Mapinduzi na hapa kwetu ndipo patafungwa.

Ya pili ni balaa. Nilivyoona ISOWEEKNUM ni tamu, nikaibandika kwenye jedwali letu zima la mapokezi ya asali, tangu 2024. Nimeunganisha mwaka na wiki ili nijumlishe madumu kwa kila wiki. Sasa madumu yaliyopokelewa tarehe 30 na 31 Desemba 2024 yamepanda juu kabisa ya jedwali, yamekaa pamoja na ya Januari 2024. Wiki moja ya Januari imevimba, na Desemba imepungua. Mfugaji mmoja ananidai risiti ya Desemba na mimi namwonyesha Januari iliyopita!

Fundi_Ipuli

Mwaka umeutoa wapi? Kwa YEAR?

KaraniWaAsali

Ndiyo. YEAR(A2), halafu nikaunganisha na ISOWEEKNUM(A2).

Fundi_Ipuli

Hapo ndipo wanapoanguka wengi, hata waandika programu wazoefu. 30 Desemba 2024 ni wiki ya 1, lakini ya 2025. Wewe umechukua wiki kutoka kanuni moja na mwaka kutoka kalenda ya ukutani, ukapata 2024-1. Hiyo ni wiki nyingine kabisa, ya tarehe 1 hadi 7 Januari 2024. Umeyarudisha madumu nyuma karibu mwaka mzima.

Wiki ina mwaka wake. Na mwaka wake ni ule wa Alhamisi yake, Mzee keshasema. Kwa hiyo itafute Alhamisi ya wiki hiyo, ndipo uchukue mwaka:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)
```

Ijaribu kwa mkono. 30 Desemba 2024 ni Jumatatu, WEEKDAY inatoa 1. Toa 1, ongeza 4, umesogea siku tatu mbele: 2 Januari 2025. Mwaka ni 2025. Kama Excel yako inalalamika, badilisha mkato uwe nuktamkato, inategemea ilivyopangwa.

Wanaotumia Linux wana mtego uleule. Herufi moja tu:

```
date -d 2025-12-29 +%G-W%V
date -d 2025-12-29 +%Y-W%V
```

Ya kwanza inatoa 2026-W01. Ya pili inatoa 2025-W01, na ni uongo. Ubaya wake ni kwamba ya pili inafanya kazi vizuri karibu mwaka mzima. Ukiijaribu Juni huoni kitu. Inakungoja siku hizi chache za mwisho wa Desemba, fundi akiwa likizo.

KaraniWaAsali

Imekubali. Madumu yamerudi mahali pake. Nimepita pia siku za mwanzo wa Januari kama kuna zilizokwenda kinyume, sijaona.

Fundi_Ipuli

Kwa 2024 na 2025 hutaona, miaka hiyo yote Januari ilianza ndani ya wiki ya kwanza. Ngoja 1 hadi 3 Januari 2027. Kwa YEAR ya kawaida ungepata 2027-53, wiki ambayo haipo, mwaka huo una 52. Ukiona wiki ya 53 kwenye mwaka usiokuwa nayo, ujue ni ugonjwa huuhuu.

MwalimuKasulu

Nauliza kwa nia njema. Kama hiyo namba ina mitego yote hii, kwa nini mteja asiandike tarehe?

MzeeWaReli

Mwalimu, kiwanda chake kinapanga kazi kwa wiki. Akikuandikia KW 2 hajali ni Jumatatu au Alhamisi, anataka mzigo umo ndani ya siku saba hizo. Tarehe moja ingembana yeye na wewe. Ila kwenye mkataba mimi ningeandika vyote viwili, 2026-W02 na pembeni 5 hadi 11 Januari 2026. Vikipingana mnagundua mapema.

MwalimuKasulu

Bado naona mwezi na wiki inatosha.

Kapteni_Kibirizi

Mwalimu, Januari 2026 wiki ya kwanza ni ipi? Ya tarehe 1 au ya tarehe 5?

MwalimuKasulu

Ile shule zinapofunguliwa. Nilishasema.

BintiUjiji

Bosi kasoma. Kasema tulipe 52 na wiki ya 53 "tutaiona ikifika". Ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Nimeitunza karatasi.

KaraniWaAsali

Mrejesho wa mwisho wakuu, na asanteni sana, hasa Mzee na Fundi. Lori linaondoka Tabora Jumamosi tarehe 3 Januari, linafika Dar Jumapili, tunapakia Jumatatu tarehe 5, na Jumatano tarehe 7 ni akiba. Nimeandika tarehe tupu kwenye ubao, wiki sijaweka.

Mwenyekiti kapita, kausoma ubao, kauliza, "Hiyo tarehe 3 kwa hesabu zenu ni wiki ya ngapi?" Nikamwambia ya 1. Akasema, "Unaona? Nilikwambia wiki ya kwanza mzigo unaondoka Januari."